Vidole kuwa vyeupe kisha buluu

"Nauza samaki Malindi, nina miaka 42. Tangu mwaka huu nikishika barafu vidole vinakuwa vyeupe, halafu buluu, na vinauma. Ni nini?"

Pole sana dada yangu. Baridi inaibana mishipa midogo kupita kiasi. Damu ikikatika kidole huwa cheupe, oksijeni ikipungua huwa buluu, na damu ikirudi huwa chekundu na kuchoma. Huitwa ugonjwa wa Raynaud. Ukianza ujanani mara nyingi hauna ugonjwa mwingine nyuma yake, lakini kwa umri wako nakuomba upimwe skleroderma na lupasi, magonjwa ambayo kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, hasa kama ngozi ya vidole imekaza au ncha zina vidonda. Ukitumia propranololo ya presha mwambie daktari, huzidisha hali hii. Usiiache mwenyewe ghafla. Glavu vaa kabla hujagusa barafu.