Nilisogeza kiti, taa ya eabegi ikawaka

Swali: Fundi, nilisogeza kiti cha dereva ili nisafishe zulia, na tangu hapo taa ya eabegi inawaka. Kuna wakati inazima, nikipita kwenye tuta inarudi. Gari halina shida nyingine. Naweza kuendelea kuliendesha?

Jibu: Lifikishe kwa fundi, safari ndefu zisubiri. Taa hiyo haihusiani na injini, ndiyo maana gari linakwenda vizuri. Ila ikiwaka, kompyuta ya eabegi imeona hitilafu, na kwenye magari mengi huzima mfumo wote au sehemu yake. Ukigonga, mkanda huenda usijikaze na mfuko usifunguke.

Kwa maelezo yako, nashuku soketi ya njano iliyo chini ya kiti. Hapo hupita waya za eabegi ya ubavuni na, kwenye baadhi ya magari, za kikaza mkanda. Kiti kikisukumwa hadi mwisho, waya huvutika na soketi hulegea bila kuchomoka. Kompyuta hupitisha umeme mdogo sana kupima ukinzani wa kila eabegi, ambao kwa kawaida ni kama omu 2 hivi. Pini ikilegea au ikishika kutu, zikaongezeka omu chache tu, kompyuta huona kama waya umekatika. Tuta likitikisa pini, taa inawaka.

Kabla ya kuigusa, zima swichi, toa waya hasi wa betri, usubiri walau dakika 3, kwa sababu kompyuta ina akiba ya umeme inayotosha kufyatua mfuko. Kisha chomoa soketi, kagua pini, irudishe mpaka kufuli lilie, na uhakikishe waya hazivutwi kiti kikisogea. Usiipime eabegi yenyewe kwa mita ya kawaida, maana umeme wa mita unaweza kuifyatua. Wala usiwashe swichi soketi ikiwa imechomolewa, utaongeza hitilafu nyingine kwenye kumbukumbu.

Rudisha betri, washa swichi. Taa inatakiwa kuwaka sekunde chache halafu izime. Ikibaki, itahitajika skana inayosoma SRS, yaani mfumo wa eabegi. Nyingi za bei nafuu husoma injini tu. Ikitaja kiti cha abiria, sensa inayotambua kama kuna mtu inaweza kuwa imekufa, na kompyuta ikashindwa kujua kama ifungue mfuko wa upande huo. Ikitaja usukani, na honi nayo imenyamaza, utepe wa waya unaojiviringisha ndani ya usukani umekatika.

Na fundi akitaka kuweka rezista badala ya kutafuta tatizo, mkatalie. Kompyuta itapima omu zake 2 na taa itazima kweli, lakini siku ya ajali umeme utaishia kwenye rezista na mfuko utabaki umekunjwa.