Kukata wimbo mmoja kwenye miksi ndefu: nambari ya tatu ndiyo iliyoniponza

Juzi msomaji mmoja wa Likoni aliniandikia kwamba alijaribu kuutoa wimbo mmoja kwenye miksi ya taarabu ya dakika 94, akapata faili isiyo na sauti hata kidogo. Nilimkumbuka mama mmoja wa Kisauni, aliyeniomba wimbo ambao bintiye aliingia nao ukumbini siku ya harusi, nami nikamkabidhi faili iliyoanza na mkia wa wimbo mwingine. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, huu sio mwanzo wake," na maneno hayo yananiuma hadi leo, kwa sababu miksi niliichanganya mwenyewe na orodha ya nyakati niliiandika kwa mkono wangu.

Sehemu inayohusika ya orodha ilikuwa hivi:

```
TRACK 14 AUDIO
  INDEX 01 62:14:37
TRACK 15 AUDIO
  INDEX 01 67:02:60
```

Nambari hizo ni dakika, sekunde na fremu. Saa hazimo, ndiyo maana dakika huweza kupita 60, na kila sekunde ina fremu 75, kipimo kilichorithiwa kutoka kwenye CD. Msomaji wangu alizinakili za orodha yake kama zilivyo, na programu ya ffmpeg ikazisoma dakika kuwa saa: kwenye orodha yangu ingeenda kutafuta saa ya 62, ambayo haimo katika miksi yoyote ya harusi. Mimi niliandika 14.37, nikidhani 37 ni sehemu za mia. Ukigawa 37 kwa 75 unapata 0.493, kwa hiyo nilianza mapema kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, muda unaotosha pigo moja la dumbaki kusikika.

Mwisho wa wimbo haukuandikwa popote. Ni mwanzo wa wimbo unaofuata, na fremu 60 hapo ni sekunde 0.8. Amri sahihi ni hii:

```
ffmpeg -i miksi.mp3 -ss 1:02:14.493 -to 1:07:02.8 -c copy wimbo.mp3
```

Uache -ss nyuma ya -i. Ukiitanguliza, saa huanza upya kuhesabiwa kutoka sifuri pale unapokata, na -to iliyobaki nyuma itakupa zaidi ya saa nzima ya muziki, au yote yaliyosalia.

Ndugu yangu, usimkabidhi mtu faili kabla ya kusikiliza sekunde tano za mwanzo na tano za mwisho kwa spika za masikioni. Iwapo wimbo uliotangulia bado unavuma chini ya mpya kwa sekunde kadhaa, hesabu haina kosa: dijei alizipandanisha nyimbo mbili, na hakuna mkato utakaozitenganisha. Hapo tafuta rekodi ya asili.

Miksi yangu haikuwa na tatizo hilo, kwani alama niliiweka pale wimbo uliotangulia ulipokwisha kunyamaza. Nilikata upya, nikarudi Kisauni, na yule mama akausikiliza wimbo wote akiwa amesimama mlangoni.