Hojaji au Mahojiano? Kwa Wanaoandika Utafiti wa Mwaka wa Mwisho

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu aliniandikia hivi: "Shikamoo Mwalimu. Msimamizi wangu anataka nieleze kwa nini nimechagua hojaji na si mahojiano. Naomba unisaidie sababu za kuandika, kwa kuwa hojaji 100 nimeshazitoa kopi." Mada yake ilikuwa sababu zinazowafanya wanachama wa VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, wacheleweshe marejesho ya mikopo. Nilimwitikia marahaba, kisha nikakaa na simu mkononi bila kujua niendelee vipi, kwa sababu mada hiyo niliiandika mimi mwenyewe nilipokuwa mwaka wa mwisho, kwa njia hiyo hiyo, na ilinitoa jasho siku ya kuitetea.

Nilikwenda katika soko moja mjini Morogoro nikiwa na hojaji 80. Swali nililolitegemea lilisema: "Ni sababu gani inayokufanya ucheleweshe rejesho?" Chini yake niliweka majibu manne ya kuchagua, yaani biashara kuwa mbaya, ugonjwa katika familia, ada za shule na kukosa elimu ya fedha. Majibu hayo niliyaokota katika tafiti za watu wengine nilizozisoma maktaba. Kwa siku mbili nilikuwa nimemaliza, na wiki moja baadaye nilikuwa na jedwali zuri lililoonyesha kwamba biashara mbaya inaongoza. Nililipenda jedwali hilo kuliko sehemu nyingine yoyote ya ripoti.

Siku ya kutetea, mtahini mmoja alifungua ukurasa wenye jedwali akauliza: "Kati ya sababu hizi, ni ipi uliyoikuta sokoni ambayo hukuwa nayo ulipotoka maktaba?" Sikuwa na jibu. Nilijaribu kusema kwamba utafiti wangu umethibitisha tafiti zilizotangulia, naye akasema kwamba niliwapa watu milango minne kisha nikashangaa kwamba hakuna aliyepita dirishani. Ukumbi ulicheka. Nilipewa alama za kupita, lakini kicheko kile sijakisahau, na nakiri kwamba kwa muda mrefu nilimwona mtahini yule kuwa mtu mkatili.

Miaka miwili baadaye nilirudi katika soko lile lile kwa kazi nyingine, nikakaa na wanawake 9 mmoja mmoja bila karatasi ya maswali ya kuchagua. Mwanamke wa tatu aliniambia kwamba mkopo wake wa mwisho haukuwa wake. Aliuchukua kwa jina lake, akampa shemeji yake ambaye si mwanachama wa kikundi, na shemeji alipokwama, yeye ndiye aliyeonekana mkosaji mbele ya kikao. Wa tano alisimulia jambo la aina hiyo hiyo. Mwingine, ambaye daftari la kikundi lilimwonyesha kuwa hajawahi kuchelewa, alieleza kwamba hulipa rejesho kwa fedha za kausha damu, yaani mikopo ya mitaani yenye riba kubwa. Katika hojaji yangu ya zamani mwanamke wa tatu angeweka alama kwenye "biashara mbaya" kwa kuwa ndilo jibu lisilomwaibisha mtu, na huyu wa mwisho ningemwandika kuwa mfano wa mwanachama bora.

Hapo ndipo nilipoelewa tofauti ya zana hizi mbili. Hojaji huhesabu vitu ambavyo mtafiti amekwisha kuvipa majina. Mahojiano hukupa majina ambayo hukuwa nayo, lakini hayawezi kukuambia ni watu wangapi wanaohusika. Kwa hiyo uchaguzi hautokani na bajeti wala na siku zilizobaki kabla ya kukusanya ripoti, bali hutokana na swali lako la utafiti jinsi lilivyoandikwa. Nitaonyesha kwa mada hii hii.

Mfano wa kwanza. Swali ni hili: ni sehemu gani ya wanachama wa VICOBA katika kata fulani waliochelewesha rejesho angalau mara moja katika miezi 6 iliyopita? Swali hili linadai idadi, na kitu kinachohesabiwa kinajulikana, kwa hiyo hojaji ndiyo yake. Tuseme vikundi vyote vya kata hiyo vina wanachama 420. Wengi wenu hutumia kanuni ya Yamane, ambamo n ni idadi ya watu utakaowauliza, N ni idadi ya watu wote na e ni kosa unalolivumilia:

```
n = N / (1 + N × e²)
n = 420 / (1 + 420 × 0.05²)
n = 420 / 2.05 = 204.9
```

Unahitaji basi watu 205. Ukiweka e kuwa 0.10 utapata 81, na najua wengi huishia hapo kwa sababu nauli ni ndogo. Kabla hujafanya hivyo, fahamu unachokinunua: ukikuta kwamba nusu ya watu walichelewa, ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 40 na 60.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni kwamba kanuni hii inadhani watu hao wamechaguliwa kwa bahati nasibu. Watu 205 uliokutana nao sokoni saa nne asubuhi hawaitimizi sharti hilo, kwa sababu aliyefilisika hayupo mezani pake saa nne asubuhi, na huyo ndiye uliyemfuata. Omba majina yote kutoka katika madaftari ya vikundi, yapange katika orodha moja, kisha gawanya 420 kwa 205 upate takriban 2. Rusha sarafu ili kuamua kama utaanza na jina la kwanza au la pili, halafu chukua kila jina la pili hadi mwisho. Utapata majina 210, kisha uwatafute watu hao walipo, hata kama mmoja amehamia kwa mama yake mtaa wa tatu.

Swali lenyewe nalo liandikwe kwa uangalifu. "Je, wewe hulipa marejesho kwa wakati?" ni swali baya, kwa kuwa linamwalika mtu ajisifu. Kauli za kukubali au kukataa, zile za kipimo cha Likert, zina tatizo jingine, nalo ni kwamba watu wengi humkubalia mgeni kwa adabu tu, hata wakikubali kauli mbili zinazopingana. Weka kauli mbili za namna hiyo katika majaribio ya awali, uone wangapi watazikubali zote. Swali lenye nafuu ni hili: "Katika miezi 6 iliyopita, ni vikao vingapi ulivyokwenda bila rejesho kamili?" Muda umewekwa, kitendo kimetajwa kwa maneno yao wenyewe, na jibu ni namba.

Mfano wa pili. Swali ni hili: kwa nini wanachama huchelewesha marejesho ilhali wanajua faini ipo? Hapa hujui sababu zote, na ukijidanganya kwamba unazijua utafanya nilichokifanya mimi. Chagua mahojiano. Usianze kwa kumwuliza mtu "kwa nini", kwa sababu neno hilo humfanya ajitetee kana kwamba yuko mbele ya kikao cha kikundi. Mwambie: "Naomba unisimulie rejesho la mwisho lililokupa shida, tangu siku ulipouchukua mkopo." Kisha nyamaza. Akisema "mambo yaliingiliana", hapo ndipo pa kuchimba: mambo gani, siku ile fedha ilikuwa mikononi mwa nani, nani alijua? Mwanamke wa tatu alimtaja shemeji baada ya mimi kuuliza fedha zilikwenda wapi siku ya kwanza, wala si baada ya kuuliza kwa nini alichelewa.

Kuhusu idadi, mara nyingi mtaona watafiti wakitaja watu 12. Chanzo kikubwa cha namba hiyo ni kazi ya Guest, Bunce na Johnson ya mwaka 2006, ambao walichambua mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria wakaona kwamba mada kuu karibu zote zilikuwa zimekwisha kujitokeza katika mahojiano 12 ya mwanzo. Wanawake hao, hata hivyo, walikuwa wa kundi linalofanana, na maswali yao yalikuwa yale yale. Ukichanganya wauza mboga, viongozi wa vikundi na waume wa wanachama, 12 haitatosha. Tengeneza jedwali dogo, kila mahojiano mstari wake, uandike sababu mpya iliyojitokeza. Mistari mitatu ikipita bila kitu kipya, una haki ya kumwambia msimamizi kwamba umefika.

Msidhani nawauzia njia rahisi. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa huchukua saa nne hadi sita kuiandika neno kwa neno, hivyo mahojiano 12 ya dakika 40 ni saa 8 za sauti na kati ya saa 32 na 48 za kuandika, kabla hujaanza kuchambua chochote. Tena mahojiano yana mtego wake katika uandishi. Kati ya wanawake wangu 9, wanne walikuwa wamechukua mkopo kwa niaba ya mtu mwingine. Ningeandika kwamba asilimia 44 ya wanachama hufanya hivyo, ningekuwa nimerudia kosa la zamani kwa upande wa pili, kwa sababu watu hao sikuwachagua kwa orodha wala hawatoshi kuwawakilisha wengine. Ninachoweza kuandika ni kwamba jambo hilo lipo, na jinsi linavyotendeka.

Kuna aina ya tatu ambayo wanafunzi huitumia bila kuijua. Unamkuta mama anakaanga samaki, mikono ina mafuta, hawezi kushika kalamu, basi unamsomea hojaji na kumjazia. Pengine hojaji yenyewe iko kwa Kiingereza, nawe unaitafsiri papo hapo, mtu wa kwanza kwa maneno haya na wa kumi kwa maneno mengine. Hayo ni mahojiano yaliyofungwa mdomo: umepoteza usiri wa karatasi, na hukupata simulizi. Kama ni lazima usome, basi andika Kiswahili kimoja, kisome vile vile kwa kila mtu, na mwenyekiti wa kikundi asiwe karibu. Wa kwangu alikuwa amekaa benchi moja na watafitiwa wangu, nami nilimshukuru kwa ushirikiano katika ukurasa wa shukrani.

Mwanafunzi wangu hatimaye nilimjibu kwamba swali lake linaanza na "kwa nini", kwa hiyo ama abadilishe swali ama aweke hojaji pembeni kwanza. Nilimshauri ahoji watu 8 hadi 12, kisha azirudie hojaji akiongeza sababu atakazozisikia, kama muda utamruhusu kuhesabu. Aliuliza afanye nini na kopi 100 alizokwisha kuzilipia. Nilimwambia azigeuze, kwa kuwa upande wa nyuma ni mweupe na atahitaji karatasi nyingi za kuandikia watakachomsimulia.