Nambari ya lebo si kipimo cha gauni

Swali: Nauza magauni ya mitumba hapa Chake Chake, natangaza kwenye stetasi ya WhatsApp na Instagramu. Naweka picha nzuri, naandika saizi iliyo kwenye lebo, bei nawaambia waje inboksi. Wanaouliza ni wengi, wanaonunua wachache, na wa Unguja mara kwa mara wananirudishia wakisema haikuwaenea. Niandike vipi tangazo langu?

Jibu: Mdogo wangu, hilo la kurudishiwa ndilo kubwa, na chanzo chake ni lebo. Mie ni fundi cherehani, na magauni ya namna hiyo naletewa kila wiki: mnunuzi kaona 12, yeye ni 12 siku zote, limefika halipiti kifuani. Analaumiwa muuzaji, halafu naombwa mie nilipanue.

Nambari ya lebo haina maana mpaka ujue imetoka nchi gani. Chukua 40. Ikiwa ya Mjerumani, ni sawa na 14 ya Mwingereza. Ikiwa ya Mfaransa, ni 12. Ikiwa ya Mwitaliano, ni 8. Magauni matatu yametoka katika robota moja, yote yameandikwa 40, na hayawezi kuvaliwa na mtu mmoja. Nambari 12 nayo ndiyo inayowaponza wengi, maana 12 ya Marekani ni kama 16 ya Uingereza, na baina yao kifua kinatofautiana kwa takriban inchi nne. Lebo nyingine huandika nchi kwa maandishi madogo, UK, US, D ya Ujerumani, F ya Ufaransa au I ya Italia, lakini nyingi zimekatwa au zimefutika. Tena hilo ni vazi lililokwisha kufuliwa mara nyingi. Viskosi na sufu hurudi zikifuliwa kwa maji ya moto, kwa hiyo hata lebo iliyosema kweli dukani huenda leo inasema uongo.

Kwa hiyo pima gauni lenyewe. Litandaze juu ya meza, funga zipu na vifungo, lilaze bila kulivuta. Pima toka kwapa hadi kwapa, kisha mara mbili. Fanya hivyo hivyo kiunoni pale palipobana, na nyongani pale palipo papana. Urefu anza juu ya bega, karibu na shingo, mpaka pindo. Likiwa na mikono mirefu, pima na mkono, maana wanawake wetu wengi hawanunui gauni linaloacha kifundo wazi.

Sasa hapa ndipo hata wanaopima wanapokosea. Tuseme umepata inchi 19 kwapa hadi kwapa. Kifua cha gauni ni 38. Ukiandika "linamfaa mwenye 38" umekosea, kwa sababu hiyo 38 ni ya kitambaa, si ya mtu. Kitambaa kisichovutika kinahitaji inchi mbili hadi tatu za kupumulia, la sivyo akinyanyua mkono mshono utalia. Gauni hilo ni la mwenye kifua cha 35 au 36. Vitambaa vya jezi na vyenye laikra ni habari nyingine, hivyo vinaweza kulingana na mwili au hata kupungua kidogo. Ndiyo maana lazima useme kama kinavutika: kivute kwa vidole kwa upana, ukiachia uone kama kinarudi.

Wala usimwambie mteja "fundi atalipanua". Lipindue gauni uangalie mshono wa ubavuni. Magauni ya kiwandani yameshonwa kwa ovaloki, na kitambaa kilichobaki ndani mara nyingi hakifiki nusu inchi. Ukiachia robo inchi kila upande wa kila mshono, kifua kizima unapata inchi moja tu, na alama ya mshono wa zamani inabaki ikionekana. Kupunguza ni rahisi. Kuongeza ni bahati.

Na mteja naye usimuulize "unavaa saizi gani?" Mwambie achukue gauni lake linalomkaa vizuri, la kitambaa cha aina hiyo hiyo, alitandaze alipime kama ulivyopima wewe. Zikilingana, mauzo yamekwisha na halirudi.

Tangazo lako liwe namna hii:

> G14. Gauni refu la viskosi, kijani lenye maua meupe, mikono mirefu, zipu mgongoni. Halivutiki. Kifua inchi 38, kiuno 32, nyonga 42, urefu 50, mkono 23. Linamfaa mwenye kifua 35 hadi 36, kiuno kisichozidi 30. Dosari: doa dogo karibu na pindo, tazama picha ya tatu. Bei 18,000. Liko moja tu.
>
> Kulipata: niandikie G14, jina lako na ulipo. Nakuwekea mpaka saa 2 usiku. Usipolipa, anapewa anayefuata. Chake Chake naleta kwa 1,000. Unguja linakwenda na boti, ongeza 3,000.

Bei na nauli hizo ni mfano, weka zako. Nambari ya G14 iandike kwenye karatasi uiweke ndani ya picha, ili mtu asikuambie "lile la kijani" nawe unayo matano. Ile saa ya mwisho usiiache, kwani mtumba ni pande moja moja: ukimwekea mtu bila kikomo umemnyima aliyekuwa tayari na pesa. Na akikutumia picha ya muamala, usifungashe. Angalia salio lako mwenyewe kwanza, picha na ujumbe hughushiwa.

Suala la bei inboksi nalijua linakotoka. Kuna watu wanatoza pesa kufundisha "mauzo ya mtandaoni", na somo lao la kwanza ni kuficha bei ili mteja aje mzungumze. Anayekuja ni wa kuuliza tu. Mwenye 18,000 mkononi, aliye kazini, hana muda wa kusubiri ujibu. Anapita kwa mwenzako aliyeandika. Hao wanaokuuliza kwa wingi wangejijibu wenyewe kama bei ingekuwa pale.

Lakini wanaoniudhi zaidi ni wauzaji wanaoandika "fri saizi" kwenye gauni la kitambaa kigumu, na wale wanaolivisha sanamu kisha wakalibana mgongoni kwa pini ili kiuno kionekane. Wengine wanang'oa lebo na kushona nyingine ya jina kubwa. Mie nimeletewa kazi hiyo nikaikataa. Ukitaka kuigundua, tazama uzi: lebo ya asili mara nyingi imeshonwa pamoja na mshono wa shingo, ya kubandika ina mshono wake peke yake, mara nyingi kwa uzi wa rangi nyingine, na chini yake pana matundu ya ile ya zamani. Wapo pia wanaochukua picha ya duka la ng'ambo wakaiweka kama yao. Anayenunua na aombe picha ya gauni likiwa limetandazwa na futi ya kupimia juu yake, kwapa hadi kwapa, nambari zikisomeka. Muuzaji aliye nalo haimchukui dakika mbili. Akianza kukupa maneno, pesa yako usiitume.