Wastani wa jumla unaporusha dadu hadi 6

"Narusha dadu hadi nipate 6. Je, wastani wa jumla ni 6 × 3.5, wakati idadi ya mirusho inategemea matokeo yenyewe?"

Ndiyo ndugu yangu, ni 21. Kanuni ya Wald husema wastani wa jumla ni wastani wa idadi ya mirusho mara wastani wa mrusho mmoja; inataka uamuzi wa kusimama utokane na mirusho uliyokwisha kuiona tu, na wastani wa idadi yake uwe na kikomo. Hapa wastani huo ni 6.

Wengi hukosea kwa kuiacha ile 6 ya mwisho nje ya hesabu. Ukiiacha, inabaki mirusho 5 kwa wastani, lakini jumla ni 15, si 17.5: mirusho iliyobaki yote ni kati ya 1 na 5, wastani wake 3. Kusimama mrusho mmoja kabla ya 6 kunadai uijue 6 kabla haijatokea, na hapo kanuni haishiki. Irudishe 6, utapata 21.