Kumpongeza Mwenzako Aliyepanda Cheo bila Kumvika Kilemba cha Ukoka

Mfanyakazi mwenzako anapotangaza kwenye LinkedIn kwamba amepandishwa cheo, maoni utakayoandika chini ya tangazo lake hayasomwi naye peke yake. Yanasomwa na bosi wake mpya, na watu watakaokuwa chini yake kuanzia sasa, na pengine na yule aliyekuwa akikitaka cheo hichohicho akakikosa. Hata watu wa mtandao wako wewe, ambao hawamfahamu kabisa, huenda wakaonyeshwa ulichoandika. Kwa muda wote niliosimamia watu katika kazi za ugavi nimeyasoma maoni ya namna hiyo kwa wingi, na nimeona kwamba yanayomgusa mhusika karibu kila mara ni mafupi, nayo hutaja jambo moja ambalo mwandishi alilishuhudia.

Nitaeleza kwa mfano. Mwenzetu mmoja, dada aliyekuwa afisa ugavi, aliteuliwa kuwa Meneja wa Ugavi, na kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi chini yake akanitumia rasimu ya pongezi zake ili niitazame kabla hajaiweka hadharani. Alikuwa ameandika hivi: "Hongera sana jembe letu! Hakuna mchapakazi kama wewe katika kampuni nzima. Mungu azidi kukuinua, na siku moja tukuone Mkurugenzi Mkuu. Usitusahau wadogo zako huko juu!"

Kijana yule alikuwa anampenda dada huyo kwa dhati, na hakuwa na nia ya kujipendekeza, lakini maneno yake yangeweza kuandikwa na mtu anayejipendekeza bila kubadilisha hata herufi. Kumwita mtu "jembe" ni jambo la kawaida katika mazungumzo yetu, ila halimwambii msomaji jembe hilo lililima nini. Kusema kwamba hakuna mchapakazi kama yeye katika kampuni nzima ni kuwapima wengine wote na kuwaona wamepungua, nao wanasoma. Kumtabiria ukurugenzi mkuu kunamweka mahali pabaya, kwa sababu mkurugenzi aliyepo naye anasoma, na dada mwenyewe hajui ajibu nini bila kuonekana ama ana uchu wa madaraka au anajikana. Na ile "usitusahau" ya mwisho, hata ikisemwa kwa utani, inageuza pongezi kuwa ombi. Maneno ya kumwombea kwa Mungu sikuona sababu ya kuyaondoa, maana dua haimsifu mtu bali inamtakia heri, ilimradi wewe na yeye mmezoea kuzungumza hivyo.

Nilimuuliza kijana swali moja tu: ni jambo gani alilofanya dada huyu ambalo wewe ulikuwepo ukaliona? Akanijibu mara moja kwamba mwishoni mwa mwaka wa fedha, walipokuwa wakihesabu mali ghalani, dada alimkataza kusaini karatasi za hesabu kwa kunakili tu idadi iliyomo kwenye kompyuta, akamtaka aende kwenye rafu, afungue maboksi na azione bidhaa zenyewe. Hapo ndipo pongezi ilipokuwa imejificha, lakini rasimu yake ya pili ilileta tatizo jipya: "Nakumbuka ulivyotuokoa mwaka ule ghala lilipokuwa na upotevu." Ilikuwa kweli, na ilikuwa na heshima, lakini ilitangaza mbele ya wateja, wazabuni na washindani kwamba kampuni iliwahi kupoteza mali, tena ilimgusa mtunza ghala wa wakati ule ambaye hakuwepo kujitetea. Jambo unalolitaja lazima liwe zuri kwake bila kuwa baya kwa mtu mwingine, na lisitoke katika mambo ya ndani ya ofisi.

Mwishowe aliandika hivi: "Hongera sana, dada, kwa kuteuliwa kuwa Meneja wa Ugavi. Ulinifundisha nisisaini hesabu ya ghala kabla sijaziona bidhaa kwa macho yangu, na mpaka leo ndivyo ninavyofanya. Nakutakia kila la heri katika majukumu mapya."

Ni sentensi tatu, na hakuna sifa hata moja iliyotamkwa waziwazi. Haikusemwa kwamba dada ni mwadilifu, wala kwamba ni makini, wala kwamba ni kiongozi bora. Msomaji anayaona hayo mwenyewe katika kile alichofundisha. Sifa ya tabia inaweza kutolewa na mtu yeyote kwa mtu yeyote, lakini tendo lililotajwa kwa usahihi linaweza kuelezwa na aliyekuwepo tu. Njia ninayoitumia kupima ni kuliondoa jina la mhusika na cheo chake, kisha kujiuliza kama maneno yaliyobaki yangefaa chini ya tangazo la mtu mwingine. Yakifaa, bado hujampongeza yeye.

Upo uangalifu mwingine ambao watu wengi huuruka, nao ni kulisoma tangazo lenyewe vizuri. Aliyeandika kwamba anakaimu nafasi hajateuliwa bado, na kumwita "Meneja wetu mpya" kunaweza kumletea maneno ofisini; mtakie heri katika jukumu alilopewa, basi. Vivyo hivyo, aliyehamia kwa mwajiri mwingine hapaswi kuambiwa kwamba huku nyuma mambo yataharibika bila yeye, kwa kuwa wanaobaki watayasoma maneno hayo wakiwa palepale.

Uhusiano wenu nao hubadilisha kipimo. Kama aliyepanda ni bosi wako, punguza maneno kuliko ungeyapunguza kwa rika lako, na utaje kazi mliyoifanya pamoja badala ya kumzungumzia yeye. Kama ni mtu uliyemwajiri au uliyemlea kikazi, jihadhari na maneno kama "nilijua tangu siku ya kwanza," kwa sababu yanakupa wewe sehemu ya sifa siku ambayo ni yake. Na kama humfahamu sana, usijitungie ukaribu ambao haupo. "Hongera kwa cheo kipya, nakutakia kazi njema" ni maoni kamili na yenye adabu, na mimi nayaona bora mara nyingi kuliko aya nzima ya mtu aliyekutana naye mara moja kwenye semina.

Mtandao wenyewe huweka chini ya matangazo haya maneno yaliyotayarishwa ili ubonyeze tu. Sioni ubaya kuyatumia kwa mtu wa mbali, lakini kwa mtu mliyekaa naye meza moja yanaonyesha kwamba hukusimama hata dakika moja kumfikiria, na katika hali hiyo ni afadhali kubonyeza alama ya makofi, ile inayoandikwa Celebrate, kuliko kurudia sentensi ambayo watu kumi waliokutangulia wameshaibonyeza.

Ukiwa na mengi ya kusema, kama vile shukrani kwa siku alizokubeba kazini au habari za ndani mnazozijua wawili, yaandike kwenye ujumbe wa faragha au mpigie simu, na hadharani ubakize sentensi zako mbili au tatu. Akikujibu "Asante sana," weka alama ya kuonyesha kwamba umeona, kisha uwaachie wengine nafasi.