Usishike tipu za watu, nilishika mimi na nikaachwa Krismasi

"Wakuu, nina mkahawa wa samaki hapa Malindi, meza 10. Mwezi huu weta wawili na mpishi msaidizi wamehama. Nataka tipu zote nizikusanye mimi, niwagawie mwisho wa sizoni kama bonasi ndo wasiondoke katikati. Pia nauliza kuhusu sare, na kama chakula cha wafanyakazi niwakate kwa mshahara. Ushauri?"

Ndugu yangu, weka hiyo simu chini, usiende kununua kijisanduku cha kukusanyia tipu. Nimesoma hapo kwa "nizikusanye mimi" tumbo likanikata, kwa sababu hiyo plani nimeifanya mimi, hapa hapa Malindi, 2018, na naweza kukuambia mpaka tarehe itakayokuharibikia.

Kulikuwa na jamaa mmoja, anajiita mshauri wa mahoteli, ana cheti chake amekilaminisha. Nilimpa 15,000 na sahani ya kolekole wa kupaka, akala akajilamba vidole, akaniambia "mwenye pesa ya mtu ndiye mwenye mtu, ukiwa nayo mkononi haendi popote". Nikaona huyu msomi. Leo nikikutana naye namuomba anirudishie hata ule mchuzi.

Basi Julai nikaanza. Kila tipu iingie kwa mkebe wangu, Januari tugawane. Mwanzo ilienda vizuri, Agosti hai sizoni wageni tele, mkebe unajaa, nami najisifu. Oktoba friza ikafa kompresa, samaki ndani, na hela sina. Mkebe uko pale unaniangalia. Nikachukua 42,000, nikajiambia nitarudisha wiki ijayo. Hiyo wiki mpaka leo haijafika hahaha.

Hapo ndo pabaya pa huu mpango wako, sikiza vizuri. Unadhani unawawekea akiba, kumbe umejipa mkopo ambao hujauomba, na wao wanajua. Muosha vyombo anaona fundi wa friza analipwa keshi siku ambayo mauzo hayakufika 12,000, hesabu anafanya kichwani.

Halafu ikaja ya kadi. Mzee mmoja wa Kitaliano, mgeni wa kila mwaka, alilipa kwa kadi akaongeza 5,000 ya weta. Kesho yake akamuuliza yule kijana kwa Kitaliano, ile zawadi ulipata? Kijana akamjibu hapana, na hakudanganya. Mimi niko kaunta nafuta glasi iliyokuwa safi tayari. Kuanzia siku ile mzee akawa anakunja noti anaiweka chini ya sosa, na weta wote wakajifunza kumnong'oneza mgeni alipe keshi mkononi. Mkebe ukaanza kuingiza mia mbili kwa siku, mimi nikawa naita watu wezi, ilhali aliyeanza kula ni nani?

Sasa usifikiri ugomvi ulikuwa wangu na weta peke yetu. Jikoni walikuwa wanajua weta wanaficha, na jikoni hawapati kitu mgeni akificha noti chini ya sosa. Dalili yake nilikuwa naiona na sikuielewa: oda za weta mmoja zinatoka baada ya dakika 20, za mwingine dakika 45, samaki ni yule yule na jiko ni lile lile. Sahani zinapoa pale dirishani hakuna anayepiga kengele. Ukiona hivo kwako usimlaumu mpishi kwamba amekuwa mvivu, kaulize pesa ya mezani inaenda wapi.

Tarehe 21 Disemba asubuhi naenda kufungua, mpishi mkuu hayupo, muosha vyombo hayupo, na yule weta kijana anayejua Kitaliano hayupo. Wote watatu wameenda Watamu, kwa mshahara ule ule! Ule ule, wallahi. Ila kule tipu inagawanywa usiku huo huo.

Hesabu yake hii. Mkebe wote kwa miezi hiyo ulikuwa kama 78,000. Siku 10 za sikukuu nilikuwa nikitegemea mauzo ya 45,000 kwa siku, nikapata kama 20,000 kwa sababu nilipunguza menyu nusu na mimi mwenyewe nikawa jikoni naunguza changu. Hiyo ni 250,000 imepotea, na ile 78,000 nikailipa pia mwishowe, kwa awamu, kwa aibu. Na muuza pweza alikuwa ni mtu wa mpishi, si wangu, alipohama yeye na pweza wakahama.

Kwa hivo kanuni yangu ni moja: tipu isilale kwako. Hata usiku mmoja.

Ninavofanya sa hii: tukifunga, weta mmoja na mpishi mmoja wanahesabu pamoja mbele ya watu. Iliyoingia kwa tili ya M-Pesa wameiandika kwa risiti ya ile meza, mimi natoa keshi ya kiasi hicho kwa droo papo hapo. Ya kadi vilevile, natanguliza mimi, benki wanikate wanavonikata hiyo ni shida yangu. Halafu tunagawa kwa pointi. Weta pointi 3, mpishi 2, muosha vyombo 1, kijana wa juisi 1. Juzi Jumamosi zilikuwa 3,600, weta watatu, wapishi wawili, na hao wengine mmoja mmoja, jumla pointi 15, kila pointi 240. Weta akaenda na 720, mpishi 480, muosha vyombo 240. Kila mtu anatia sahihi kwa daftari linaloning'inia kando ya friji. Aliyekuwa ofu hapati. Mimi mwenye mkahawa pointi zangu ni sifuri, na meneja pia.

Weta wako mzuri atalalamika, ati "mimi ndo nawachekesha wazungu". Wa kwangu alilalamika wiki mbili, mpaka alipoona oda zake zinatoka moto na muosha vyombo anamkimbizia glasi safi bila kuitwa, akanyamaza.

Nisikudanganye lakini, hii haikusaidii Aprili mpaka Juni. Masika mkebe ni mtupu, kugawa sifuri kwa pointi ni sifuri. Hapo mimi nabaki na watu wanne kwa zamu fupi, wengine nawaambia mapema tarehe ya kurudi na naiandika kwa karatasi, maana mtu akiambiwa "nitakupigia" anajua hutapiga.

Kitu kingine cha bei ndogo ni tuktuk. Tunafunga saa tano usiku, wanawake wawili wanakaa Maweni na mmoja Muyeye, nalipa tuktuk moja inawapitisha wote, 300. Kabla ya hapo nilikuwa napoteza wasichana wa sevisi kila baada ya miezi miwili na mshauri wangu mwenye cheti ananiambia ni mapenzi.

Chakula usiwakate. Wanakula vichwa vya samaki na ugali, unataka kukata nini hapo? Na sahani zikivunjika usianze kukata ovyo pia, sheria ya ajira ya 2007 inakuruhusu ukate cha maana tu tena kama mtu amekusudia kuharibu, si weta aliyeteleza kwa mafuta ambayo wewe hukupangusa.

Kama tayari umeshaanza kukusanya, usingoje mwisho wa sizoni, leo usiku toa yote mezani uwahesabie. Utaona aibu kidogo. Mimi ningeiona Oktoba isingenifika Disemba.

Sare ulikuwa umeuliza nini vile?